Posti iliyofika mbali yenyewe, sasa unailipia: kepsheni ibadilike wapi?

Swali: Mimi ni mwalimu wa kuhariri picha kwa simu. Nina posti moja ya Instagram iliyofika mbali kuliko zote bila kulipia hata senti, watu wamekomenti na kushea sana, ingawa komenti za juu nyingi ni salamu za marafiki, utani na neno PICHA ninalowaomba waandike. Sasa nataka kuilipia iwe tangazo, na ninachotaka ni kitu kimoja tu: watu wajiandikishe kwenye darasa langu la bure la mtandaoni kupitia fomu iliyo kwenye tovuti yangu. Je, niiache kepsheni kama ilivyo kwa kuwa imeshathibitika, au niibadilishe? Na kama ni kubadilisha, nibadilishe nini hasa? Nimeambatisha kepsheni yenyewe.

Jibu: Mwalimu, ibadilishe, na uifanye kazi hiyo kabla hujalipa chochote. Kepsheni yako imethibitika, hilo sina ubishi nalo, ila imethibitika katika kazi nyingine. Ilipokuwa posti ya kawaida, kazi yake ilikuwa kuwagusa watu wanaokufuata kiasi cha kuwafanya wasimame, wakomenti, wahifadhi na kushea, kwa sababu mfumo wa Instagram hutazama ishara za namna hiyo unapoamua posti ionyeshwe kwa watu wengine wangapi. Kila komenti ilikuwa nauli ya kuisogeza posti mbele kidogo. Ukishailipia, nauli unaitoa wewe mwenyewe, na posti itapelekwa hata kwa watu ambao hawajawahi kukusikia. Kwenye mnada wa matangazo wa Meta, kampuni inayomiliki Instagram, unaoamua tangazo lipi lionyeshwe kwa nani, mbali na kiasi ulicho tayari kulipa na ubora wa tangazo lenyewe, kinachopimwa ni uwezekano wa mtu fulani kufanya lile tendo ulilolichagua. Tendo lako ni kujiandikisha, kwa hiyo kila sentensi ya kepsheni sasa ipimwe kwa swali moja: inamsogeza mgeni kwenye fomu, au inampeleka kwingine?

Hii hapa kepsheni yako kama ulivyoileta, bila hashtegi zake za mwishoni:

> Jamani leo nimecheka peke yangu! Kuna mtu aliniambia picha nzuri ni ya kamera kubwa tu. Wale wangu wa siku nyingi mnamjua. Basi hii hapa nimeipiga ndani kwa simu yangu ileile, uso ukawa gizani, nikairekebisha kwa dakika kumi. Telezesha uone ilivyokuwa kabla. Wewe ukipiga picha ndani ya nyumba, kinachokusumbua zaidi ni nini? Niambie kwenye komenti. Ukitaka darasa la bure andika PICHA hapa chini au njoo inboksi, linki pia iko kwenye bayo. Mtagi rafiki anayependa picha. Tunaanza Jumamosi hii!

Kwa wafuasi wako, maandishi haya ni mazuri. Yana sauti yako, yana kisa na yana swali linalojibika kwa urahisi. Sasa yasome kama mtu asiyekujua, aliyekutana nayo kati ya picha ya harusi ya binamu yake na video ya mpira, halafu hesabu mambo anayoombwa kufanya: kutelezesha, kujibu swali, kuandika PICHA, kuja inboksi, kwenda kwenye bayo, kumtagi rafiki, na kama akitaka, kubonyeza hashtegi zikampeleke kwenye posti za watu wengine kabisa. Hayo ni saba. Kitufe cha tangazo kikiongezwa kinakuwa cha nane, ilhali ndicho pekee unacholipia.

Baadhi ya maombi hayo yana madhara makubwa kuliko mengine, na linaloonekana halina hatia kabisa, yaani linki ya kwenye bayo, ndilo ninalokuomba uliangalie kwanza. Maneno hayo yalizaliwa kwa sababu linki iliyoandikwa ndani ya kepsheni ya Instagram haibonyezeki, hivyo watu wakazoea kuelekezana kwenye wasifu. Tangazo lina kitufe chake, kwa hiyo sababu ya kutaja bayo imeshakwisha. Ukiyaacha maneno hayo, baadhi ya watu watayatii: watafungua wasifu wako, wataanza kutazama picha nyingine, na wachache watakaofika kwenye fomu watakuwa wamepitia linki ya kawaida isiyo na alama ya tangazo. Utakuwa umemlipia mtu huyo kufika, lakini hesabu za tovuti zitaonyesha amekuja mwenyewe kutoka kwenye wasifu. Mwisho wa wiki utalihukumu tangazo kwa kosa ambalo si lake. Ndiyo maana linki ya kitufe nayo iwe na alama zake peke yake, zinazobandikwa mwishoni mwa anwani ya fomu na zisizotumika mahali pengine popote, kwa mfano:

```
?utm_source=instagram&utm_medium=paid&utm_campaign=darasa_bure&utm_content=maandishi_mapya
```

Ombi la pili lenye madhara ni lile la kuandika PICHA. Hapa tatizo haliishii kwenye kepsheni. Posti yako tayari ina msururu wa komenti zenye neno hilo moja, na ukiitumia posti ileile kama tangazo, komenti zote zinakuja nayo. Mgeni akizifungua ataona watu wengi wameandika PICHA, naye ataandika PICHA, kwa sababu watu hufanya wanachoona wenzao wakifanya. Hatabonyeza kitufe. Atasubiri umjibu, na ukichelewa saa chache atakuwa ameshasahau alichokuwa anakitaka. Hata ukiyafuta maneno hayo kwenye kepsheni, komenti zitaendelea kuwafundisha wageni njia ya zamani. Nitalirudia jambo hili nikifika kwenye uchaguzi wa posti ya zamani au tangazo jipya.

Kama tendo ulilolichagua lingekuwa ni watu kukutumia ujumbe, ningekushauri kinyume chake: inboksi ingebaki, na fomu ndiyo ingeondoka. Hakuna tendo bora kwa lenyewe. Kuna lile ulilolichagua, na mengine yote yanalipunguzia nguvu. Na hakikisha kwamba lengo la kampeni ndani ya Ads Manager, chombo cha Meta cha kuunda na kusimamia matangazo, linafanana na tendo hilo. Ukichagua `Engagement`, mfumo utakutafutia watu wenye mazoea ya kulaiki na kukomenti, na utawapata kwa wingi, lakini si lazima wawe watu wanaojaza fomu. Kwa fomu ya kwenye tovuti, lengo linalokufaa ni `Leads`, huku tovuti ikiwa na Pixel ya Meta inayotoa taarifa mtu anapomaliza kujiandikisha. Maandishi mazuri hayawezi kurekebisha lengo lililokosewa.

Swali lako la katikati, lile la kinachomsumbua mtu anapopiga picha ndani, ni zuri, na najua utaumia kuliondoa. Liondoe hata hivyo, au ligeuze. Swali linaloishia na alama ya kuuliza humwachia msomaji deni la kujibu, na mahali pa kujibu ni kwenye komenti. Lakini majibu uliyokwisha kuyapata ni hazina. Yapitie yote, uone ni tatizo gani limetajwa na wengi na kwa maneno gani. Wakisema uso unakuwa gizani, basi mstari wa kwanza wa tangazo uzungumzie uso ulio gizani, kwa maneno hayohayo yao. Huo ndio uthibitisho wenye thamani ambao posti ya kawaida imekupa: imekuonyesha watu wanalitajaje tatizo lao. Idadi ya laiki haina msaada wa namna hiyo.

Sasa tuje kwenye mwanzo. Kwenye milisho, maandishi hukatwa baada ya mistari michache na kufuatiwa na neno la kumtaka mtu asome zaidi. Kwa maandishi makuu ya tangazo, kipimo ambacho Meta imekuwa ikikitaja kwa muda mrefu ni takriban herufi 125, ukihesabu na nafasi. Katika kepsheni yako, herufi hizo zinaishia karibu na wale wako wa siku nyingi wanaomjua huyo mtu. Maana yake mgeni ameonyeshwa kicheko ambacho hajui chanzo chake na mtu asiyemjua, akaambiwa kwamba kuna wengine wanaomjua. Kwa mfuasi wako maneno hayo ni mlango uliofunguliwa. Mgeni yanamwambia kwamba kikao hiki si chake. Darasa, simu na dakika kumi, yaani vitu vyote ambavyo vingemfanya asimame, vimefichwa nyuma ya mahali maandishi yanapokatwa.

Mfuasi husamehe utangulizi mrefu kwa sababu anakujua na anataka kujua leo una nini. Mgeni hana sababu hiyo. Kwa hiyo panga upya: kinachoonekana kwenye picha kitangulie, matokeo yafuate, halafu ahadi ya darasa, vyote kabla ya kukatwa. Mimi ningeandika hivi:

> Picha hii ilipigwa ndani, uso ukawa gizani. Ilirekebishwa kwa simu kwa dakika kumi. Jifunze jinsi ya kufanya hivyo bure.

Hizo ni herufi 120. Ona kwamba sentensi ya kwanza inaelezea picha ambayo jicho tayari limeiona, hivyo mtu haanzi kusoma jambo jipya, anaendelea na lile aliloliona. Neno «bure» nimeliweka ndani ya sehemu inayoonekana kwa sababu ndilo linalobadilisha uamuzi wa mtu asiyekujua, ilhali kwenye kepsheni yako lilikuwa limezikwa katikati ya maombi mengine. Sijatumia maneno kama «leo» au «Jumamosi hii». Posti ya kawaida huonekana zaidi katika siku zake za mwanzo, lakini tangazo linaweza kuendelea wiki mbili, na mtu atakayeliona baada ya Jumamosi hiyo atadhani amechelewa, au ataanza kujiuliza ni Jumamosi ipi. Kama darasa lina siku maalumu, andika tarehe kamili na usimamishe tangazo kabla ya siku hiyo.

Maneno ya kutelezesha nayo yaondoke, isipokuwa una hakika tangazo litaonekana kama msururu wa picha mahali pote utakapolionyesha. Tangazo moja linaweza kutokea kwenye milisho, kwenye Stories na kwenye Reels, na mpangilio wake hubadilika kila mahali. Kwa sababu hiyohiyo usiandike «bonyeza kitufe kilicho chini ya maandishi haya». Kwenye milisho ya Facebook maandishi huwa juu ya picha, kwenye Instagram huwa chini yake. «Bonyeza kitufe» inatosha. Wala usilitaje jina la kitufe, kwa kuwa utakachokiona wewe kama `Sign Up` mwingine anaweza kukiona kwa lugha aliyoiweka kwenye programu yake.

Baada ya mahali pa kukatwa, una nafasi ya kutosha, na hapa ninatofautiana na wanaosema kwamba maandishi ya tangazo lazima yawe mafupi. Urefu si ugonjwa. Aliyebonyeza asome zaidi ameshakuonyesha nia, na anastahili kupata majibu ya maswali anayojiuliza kabla ya kuacha jina lake kwenye fomu ya mtu asiyemjua. Kepsheni yako ya zamani haikuhitaji kumjibu, maana wafuasi wako wanajua wewe ni nani, unafundisha nini na huwa unafundishaje. Mgeni hajui hata kimoja. Hivyo, kwa kuwa umeniambia darasa linafanyika mtandaoni, endelea kwa mfano huu, ukiweka mambo halisi ya darasa lako pale nilipokisia:

> Darasa ni la mtandaoni na lina masomo matatu mafupi, kila moja na zoezi la kufanya kwa picha yako mwenyewe. Linawafaa wanaoanza. Kinachohitajika ni simu yenye kamera na programu moja ya kuhariri isiyolipiwa, ambayo tutaielekeza katika somo la kwanza. Darasa halifundishi kutumia kamera kubwa. Bonyeza kitufe, jaza jina na barua pepe, na somo la kwanza litatumwa kwenye barua pepe hiyo.

Sentensi inayosema darasa halifundishi kutumia kamera kubwa itakushangaza, kwa sababu inawafukuza watu. Niliikusudia. Kwenye posti ya kawaida, mtu asiyehusika akisimama hapo hakupunguzii kitu, na komenti yake inakusaidia kufika mbali zaidi. Kwenye tangazo, mtu huyo ni gharama mara mbili. Kwanza, umelipia kumfikia. Pili, na hili ndilo zito zaidi, akijiandikisha kimakosa unaupa mfumo somo baya: nao unahesabu kwamba mtu wa aina yake ndiye unayemtaka, na unakwenda kukutafutia wengine wanaofanana naye. Baada ya siku kadhaa unakuwa na orodha ndefu ya majina ambayo hayafungui hata somo la kwanza, na gharama ya kila jina inaonekana nafuu sana kwenye taarifa. Sentensi moja ya kumzuia asiyehusika ni nafuu kuliko kumtafuta baadaye kwenye orodha.

Sentensi ya mwisho nayo ina kazi yake. Haiishii kwenye kumwambia mtu abonyeze. Inamwambia kitakachotokea akibonyeza, ataombwa nini na atapokea nini. Mtu akifika kwenye fomu na kukuta anaulizwa pia namba ya simu ambayo hukuitaja, wengine watafunga. Kwa hiyo ifungue fomu yako pembeni ya tangazo na uvilinganishe. Kichwa cha habari cha tangazo kiwe kilekile, neno kwa neno, na kichwa cha ukurasa wa fomu. Ningeandika «Darasa la bure la kuhariri picha» sehemu zote mbili. Kama ukurasa wako sasa unaanza na historia yako ya ualimu, au unaonyesha kozi zote unazozitoa, mgeni atadhani amepelekwa mahali sipo, hata kama kepsheni ilikuwa nzuri kiasi gani.

Kuna jambo moja la kanuni ambalo posti ya kawaida haikukutana nalo. Tangazo hukaguliwa kabla ya kuonyeshwa, na viwango vya matangazo vya Meta vinakataza maandishi yanayodai au kudokeza kwamba yanajua sifa binafsi za msomaji, kama vile dini yake, rangi yake, umri wake, afya yake au hali yake ya fedha. Wewe unafundisha picha, kwa hiyo hatari ni ndogo, lakini usije ukaongeza mstari kama «Wewe kijana uliyekosa kazi, hii ni fursa yako». Mstari wa namna hiyo hupokelewa vizuri sana na wafuasi, na ukiwa kwenye tangazo unaweza kukataliwa. Dawa yake ni kuhamisha maneno kutoka kwa msomaji kwenda kwenye kitu unachokitoa: badala ya kumwambia mtu alivyo, mwambie darasa linafundisha nini na linawafaa watu wa kiwango gani cha ujuzi. Ndiyo sababu katika mfano wangu nimeandika kwamba linawafaa wanaoanza, sikuandika «wewe usiyejua».

Turudi sasa kwenye komenti za PICHA, kwa maana zinaamua utatumia posti ipi. Una njia mbili. Ndani ya Ads Manager unaweza kuchagua `Use existing post`, nayo posti yako itachukuliwa pamoja na maandishi yake, laiki zake na komenti zake. Faida ni kwamba mgeni anaona watu wengine wameshaikubali. Hasara ni kwamba maandishi yanakuja kama yalivyo, kwa hiyo ungelazimika kuihariri posti yenyewe kwenye wasifu kabla ya kuitangaza, na komenti za chini zingebaki zikijibu swali ambalo halipo tena. Njia ya pili ni kuunda tangazo jipya kwa picha ileile na maandishi mapya. Hilo huwa na kitambulisho chake, halionekani kwenye ukurasa wa wasifu wako, na linaanza bila laiki wala komenti.

Kanuni ninayoitumia ni kusoma komenti ishirini za juu kwa macho ya mgeni. Zikiwa ni za watu walioshiriki darasa na kueleza walichopata, au za watu walioulizia mambo ya maana nawe ukawajibu, basi posti ya zamani ina ushahidi ambao huwezi kuununua, na inafaa kuihariri na kuitumia. Zikiwa ni salamu za marafiki, utani wa kumhusu yule mtu wa kamera kubwa, na PICHA, PICHA, PICHA, basi anza upya. Kwa ulivyonieleza, yako ni ya kundi la pili. Tengeneza tangazo jipya, uiache posti ya zamani kwenye wasifu iendelee kufanya kazi yake kwa wafuasi. Kwenye tangazo jipya, komenti za kwanza zikianza kuingia, zijibu mapema na kwa ukamilifu, na anayeuliza namna ya kujiunga umwelekeze kwenye kitufe. Usimpeleke inboksi, maana wanaosoma baada yake watafuata njia uliyompa yeye.

Ukishaliwasha, usilihariri kila siku. Mabadiliko ya maandishi hulirudisha tangazo kwenye ukaguzi, na pia huanzisha tena kipindi cha mfumo kujifunza nani wa kumwonyesha tangazo, ambacho mwongozo wa Meta umekuwa ukikieleza kwamba hutulia baada ya takriban matokeo 50 ndani ya wiki moja. Mwenye bajeti ndogo hafiki hapo kwa urahisi, na kila akigusa anaanza tena. Kama unataka kujua kwa hakika kwamba maandishi mapya yanashinda ya zamani, tumia kipengele cha `A/B test`, picha ileile, hadhira ileile, kitufe kilekile, na tofauti iwe kwenye maandishi peke yake. Nisingependa uwashe matangazo mawili ndani ya seti moja na kuyalinganisha, kwa sababu mfumo hauyagawii fedha sawasawa. Huanza kulipendelea moja mapema, na lile lililonyimwa huonekana limeshindwa hata kama halikupata nafasi.

Unaposoma matokeo, jihadhari na safu ya `Clicks (all)`. Inajumlisha hata laiki, komenti, kushea na kubonyeza jina la ukurasa wako, kwa hiyo kepsheni ya zamani yenye maombi saba inaweza kung'ara hapo kuliko mpya, nawe ukaamini kwamba mabadiliko yameharibu kitu. Fuata mnyororo huu: `Link clicks`, kisha `Landing page views`, yaani kurasa zilizofunguka, kisha idadi ya waliojiandikisha. Tuseme, kwa mfano wa kukisia tu, maandishi ya zamani yamepata mibonyezo 900 ya kila aina, 120 kati yake ikiwa ya kwenye linki, na watu 9 wakajiandikisha. Mapya yamepata mibonyezo 310 ya kila aina, 230 ya linki, na watu 41 wakajiandikisha, kwa fedha ileile. Anayetazama safu ya kwanza atachagua ya zamani. Ukweli ni kwamba mibonyezo 780 ya ile ya zamani iliishia kwenye laiki, komenti na wasifu, na unapogawa fedha kwa idadi ya waliojiandikisha, yale mapya yana gharama isiyofika robo ya zamani.

Mnyororo huohuo hukuonyesha mahali pa kurekebisha. Mibonyezo mingi ya kila aina na michache ya linki inamaanisha bado kuna ombi la pembeni ndani ya maandishi, au komenti zinawavuta watu. Mibonyezo mingi ya linki na kurasa chache zilizofunguka inamaanisha ukurasa wako ni mzito, watu wanaondoka kabla haujafunguka, na hapo kepsheni haihusiki. Kurasa nyingi zilizofunguka na waliojiandikisha wachache inamaanisha ukurasa hautimizi kilichoahidiwa, au fomu inauliza zaidi ya ulichotaja. Na kama waliojiandikisha ni wengi lakini hawafungui somo la kwanza, rudi kwenye ile sentensi ya kumzuia asiyehusika: iandike kwa uwazi zaidi, na uipandishe ikae mara tu baada ya mahali maandishi yanapokatwa.